Hatari ya dola iko kati ya advansi na salio

Aliyenunua dola mwezi Oktoba 2024 kwa zaidi ya shilingi 2,700, akaziweka kwa hofu kwamba zitafika 3,000, aliikuta bei mwezi Desemba imeshuka hadi karibu 2,400. Kwa kila dola 10,000 alizokuwa nazo, shilingi milioni 3 hivi zilikuwa zimeyeyuka, na yeye aliamini kwamba anajikinga. Miezi michache baadaye, Aprili na Mei 2025, dola ilikuwa imerudi kwenye 2,690 hivi, na safari hii aliyelia ni yule aliyeamua kusubiri ishuke zaidi. Kabla mwaka huo haujaisha ikawa tena chini ya 2,500.

Ninayataja haya kwa sababu ushauri unaosikika sana kwa waagizaji wa Mwanza ni mmoja: dola haishuki, nunua mapema. Ushauri huo uliwahi kuonekana sahihi kwa muda mrefu, hasa mwaka 2023 na sehemu kubwa ya 2024, wakati shilingi ilikuwa ikidhoofika na dola zenyewe zikipatikana kwa tabu benki. Lakini kununua dola usizozihitaji ni kubahatisha, kama vile kutonunua dola unazodaiwa nako ni kubahatisha. Kinachompa mwagizaji hasara si bei ya dola iwe juu au chini. Ni siku zinazopita kati ya pale anapomwahidi mteja bei kwa shilingi na pale anapolipa dola ya mwisho ya mzigo huo. Siku hizo zina urefu unaojulikana, na dola zilizomo ndani yake zinahesabika. Kinga nzuri huanza kwa kuzihesabu.

Tuchukue mwagizaji wa spea za pikipiki mwenye duka katikati ya jiji. Anauza rejareja pale dukani, lakini sehemu kubwa ya mzigo wake huchukuliwa na wenye maduka wa Sengerema, Geita, Bunda na Nansio kule Ukerewe. Kiwanda cha China kimemtumia proforma, yaani ankara ya awali, ya dola 40,000. Masharti ni yale ya kawaida: 30% mbele ndipo kazi ianze, 70% mzigo ukiwa tayari, kabla hajaachiwa hati ya shehena. Anatuma dola 12,000 kwa TT, yaani uhamisho wa benki kwa benki, siku ambayo dola moja ni shilingi 2,500. Kiwanda kinaomba wiki sita za kutengeneza, kisha kuna kukagua, kupakia na kusubiri meli. Salio la dola 28,000 litadaiwa baada ya siku 70 hivi.

Ukimuuliza anadaiwa dola ngapi, atasema 28,000. Hapo ndipo hesabu inapoanza kupotoka. Nauli ya meli na bima, tuseme dola 3,000, nazo hukokotolewa kwa dola hata kama atazilipa kwa shilingi. Halafu kuna forodha. Ushuru hutozwa juu ya thamani ya CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na nauli na bima, na thamani hiyo hugeuzwa kuwa shilingi kwa kiwango kinachotumika wakati tamko la forodha linapofanyika, si kwa kiwango cha siku alipotuma advansi. Kwa mfano wetu CIF ni dola 43,000. Tukadirie kwamba ushuru na tozo zisizorudishwa zinafika 20%, basi hizo ni sawa na dola 8,600 nyingine. VAT ya 18% naiacha pembeni kwa kuwa mfanyabiashara aliyesajiliwa huidai kwenye ritani yake, ingawa asisahau kwamba dola ikipanda, fedha taslimu ya kuilipa pale bandarini nayo hupanda.

Kwa hiyo mtu huyu hana deni la dola 28,000 linaloelea. Ana dola 39,600. Dola ikitoka 2,500 ikafika 2,650 ndani ya siku hizo 70, jambo ambalo si la ajabu kwa tuliyoyaona 2024 na 2025, atalipa shilingi 5,940,000 zaidi ya alivyopanga.

Sasa tuilinganishe na faida. Kwa dola ya 2,500, mzigo, nauli na ushuru vinagharimu shilingi milioni 129. Gharama za wakala wa forodha, bandari na lori la kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza tuziweke milioni 11. Jumla milioni 140. Anatarajia kuuza kwa milioni 154, abaki na milioni 14. Mabadiliko ya 6% kwenye bei ya dola yamemwachia 8,060,000. Mauzo hayajapungua hata nati moja, wateja wote wamelipa, na bado zaidi ya theluthi moja ya faida imekwenda. Watu wengi hukutana na hasara ya namna hii bila kuijua jina, wakadhani wakala wa forodha amewapiga au muuza duka ameiba.

Swali linalofuata ni la muhimu kuliko yote, nalo halihusu benki. Ni bei gani amekwisha kuiahidi? Tuseme wenye maduka wa Sengerema na Geita wamekwisha kukubaliana naye bei, wengine wamempa advansi, na mzigo wao ni kama 60% ya kontena. Bei hiyo haiwezi kubadilika bila ugomvi. Hiyo 40% iliyobaki itauzwa dukani kidogo kidogo, na bei ya dukani inaweza kufuata dola. Ikipanda, washindani wake nao watakuwa wamelipa zaidi, kwa hiyo ataweza kupandisha. Ikishuka, mshindani ataleta mzigo wa bei nafuu, naye atalazimika kushusha.

Ndiyo maana siamini katika kukinga kila dola. Ukifunga bei ya dola kwa mzigo ambao bei yake ya kuuza bado haijafungwa, umejiundia hatari mpya. Waliofunga mzigo wao wote kwa 2,700 mwaka 2024 walipaswa kushindana sokoni na mzigo ulioagizwa kwa 2,400. Kwa mzigo uliokwisha kuahidiwa, kinyume chake ndicho kweli: kila siku unayokaa bila kufunga dola zake unacheza na faida ambayo ulishaiandika kwenye daftari. Asilimia 60 ya dola 39,600 ni kama 24,000. Hizo azifunge. Zilizobaki, 15,600, zinaweza kuelea pamoja na bei ya dukani.

Njia ya kwanza ya kuzifunga ni kununua dola leo na kuziweka kwenye akaunti ya dola. Uzuri wake ni kwamba imekwisha. Hakuna wa kukuuliza tena. Ubaya wake ni mtaji. Kama fedha ni advansi za wateja wa Sengerema na Geita ambazo zingelala tu benki, inunue dola bila kusita, kwa sababu fedha hiyo tayari ni ya mzigo huo. Lakini kama unakopa ili ununue mapema, piga hesabu kwanza. Dola 12,000 kwa 2,500 ni shilingi milioni 30. Kwa mkopo wa 16% kwa mwaka, siku 70 zinakula riba ya kama 920,000. Hiyo ni sawa na kuongeza shilingi 77 kwenye kila dola. Umeinunua kwa 2,577, ila nyongeza yake imejificha kwenye hesabu ya mkopo ambako huioni.

Njia ya pili ni mkataba ambao benki huuita fowadi. Mnakubaliana leo kwamba tarehe fulani benki itakuuzia dola 12,000 kwa bei fulani, na siku hiyo ikifika mnabadilishana fedha kwa bei hiyohiyo, hata dola iwe imekwenda wapi. Bei ya fowadi si utabiri wa benki kuhusu mustakabali wa shilingi, ingawa wengi huisoma hivyo wakaogopa. Inatokana na tofauti ya riba. Benki ikikuahidi dola, inaweza kuzinunua leo na kuzitunza. Inakosa riba ya shilingi, inapata riba ya dola, na tofauti inakutoza wewe. Hesabu yenyewe ni hii:

```
F = S × (1 + rTZS × siku/365) / (1 + rUSD × siku/360)
```

S ni bei ya leo, na r ni riba za fedha hizo mbili. Tukiweka 2,500, riba ya shilingi 9% na ya dola 4.5% kwa siku 70, inatoka kama 2,521. Juu yake benki huweka faida yake, na labda inakupa 2,540. Sasa unajua kwamba shilingi 21 ni za riba na 19 ni za benki, na hizo 19 ndizo za kujadiliana. Unajua pia kwamba kwa mfano huu nyongeza ya shilingi 40 kwa fowadi ni nafuu kuliko 77 za kukopa na kununua mapema. Riba hubadilika, kwa hiyo hesabu irudiwe kila oda.

Kwa hiyo mwagizaji wetu anachanganya. Dola 12,000 ananunua siku ileile kwa fedha za advansi za wateja, kwa 2,500. Dola 12,000 nyingine anazifunga kwa fowadi ya 2,540. Zote mbili zitakwenda kiwandani, ili asilazimike kuuza dola tena kwa benki apate shilingi za forodha na kukatwa mara mbili. Dola 4,000 zilizobaki za kiwanda, nauli na ushuru anaziacha zielee.

Dola ikifika 2,650, gharama yake ya ziada ni 480,000 za fowadi na 2,340,000 za sehemu inayoelea, jumla 2,820,000, badala ya 5,940,000. Anabaki na faida ya 11,180,000 kabla hajagusa bei ya dukani, ambayo sasa ana haki ya kuipandisha. Dola ikishuka hadi 2,400, fowadi inamgharimu 480,000 zilezile lakini sehemu inayoelea inamwokolea 1,560,000, na faida inakuwa 15,080,000. Asiyejikinga angepata 17,960,000, na hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo. Watasema benki imewala. Hapana. Bila kinga, faida yake ingeweza kuwa popote kati ya milioni 8 na karibu 18. Kwa kinga, iko kati ya 11 na 15. Mwenye mkopo wa kulipa kila mwezi na watoto shuleni anajua ni ipi kati ya hizo anayoweza kupangia.

Kuhusu sehemu inayoelea, usiiache hadi siku ya mwisho. Inunue kwa mafungu, na mafungu yafuate fedha zako zinavyoingia. Hapa kwetu ziwa lina kalenda yake. Wenye maduka wa visiwani na mialoni hulipa madeni wakati wa giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika na simu hazipokelewi. Mtu wa Nansio anayekuahidi kulipa tarehe 15, angalia kwanza tarehe hiyo mwezi uko wapi. Fungu la dola linunuliwe baada ya giza, shilingi zikiwa mkononi, na si tarehe uliyoipanga ofisini. Kwa upande wa dola nako kuna msimu: kwa kawaida huwa chache miezi ya mwanzo wa mwaka, na huongezeka kuanzia katikati ya mwaka watalii wanapoingia na mazao ya biashara yanapouzwa nje. Salio linaloangukia Aprili linastahili kufungwa zaidi ya lile linaloangukia Oktoba. Ila msimu ni mwelekeo tu. Mwaka 2024 shilingi iliendelea kudhoofika hadi Septemba na zaidi, ndipo ikageuka.

Mwanza ina kinga nyingine ambayo miji mingi ya bara haina. Viwanda vya minofu ya sangara vinauza nje na kulipwa kwa fedha za kigeni, na wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, wana wateja hadi Kongo. Ukiwa mwagizaji wa spea ambaye pia unapeleka dagaa Kongo na kulipwa kwa dola, usizigeuze kuwa shilingi Jumatatu ukanunua nyingine Alhamisi. Kila mzunguko unakatwa tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Ziache kwenye akaunti ya dola zilipe kiwanda. Kama dola ni za jirani yako, msipeane mkononi, kwani biashara ya fedha za kigeni bila leseni ni kosa. Nendeni kwenye benki moja mnayotumia wote, mwambieni ofisa kwamba mmoja anauza 15,000 na mwingine ananunua 15,000 siku hiyohiyo. Benki iliyo na muuzaji na mnunuzi mbele yake haina sababu ya kuweka tofauti pana, na ni haki yenu kuibana.

Na kubana benki kuna namna yake. Bei iliyo kwenye ubao ni ya wanaobadilisha kidogo. Kwa dola elfu kumi na kuendelea unaomba bei ya dawati la hazina, yaani kitengo cha benki kinachouza na kununua fedha za kigeni kwa wingi. Angalia kwanza kiwango cha siku kwenye tovuti ya Benki Kuu, kisha piga simu benki mbili ndani ya nusu saa, maana bei ya asubuhi hailingani na ya mchana. Usianze kwa kusema unanunua.

"Habari za asubuhi kaka, naomba bei ya dola elfu kumi na mbili, ya leo."

"Unanunua au unauza?"

"Nipe zote mbili."

Akikutajia 2,485 na 2,515, umeona tofauti ni 30 na katikati ni 2,500. Sasa sema unanunua na uombe 2,508. Shilingi 7 kwa dola 12,000 ni 84,000 kwa simu moja.

Liko jambo moja lililobadilika ambalo nadhani waagizaji hawajalipa uzito wake. Zamani wengi walijikinga kwa kumbebesha mteja: proforma ya dukani iliandikwa kwa dola, au shilingi "kwa bei ya dola ya siku ya malipo". Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimekataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Akaunti ya dola bado unaruhusiwa, na kumlipa msambazaji wa nje kwa dola ni halali, lakini mteja wa Geita anauziwa kwa shilingi. Mlango wa kumsukumia mteja hatari ya dola umefungwa, na hatari imerudi kwako. Ulichobakiwa nacho ni muda: andika bei ya shilingi na tarehe ya mwisho wake. Bei iliyo halali kwa siku 10, ikiambatana na advansi inayotosha kununua sehemu kubwa ya dola za mzigo wa mteja huyo siku hiyohiyo, ni kinga bora kuliko bei isiyo na tarehe. Bei unayoiacha wazi kwa miezi miwili ni zawadi: dola ikipanda mteja ataidai, ikishuka ataenda kwa mwingine.

Wapo wanaoona suluhisho ni kulipa kwa yuani. Inafaa kuuliza, maana kiwanda kinachouza kwa dola nacho huweka nyongeza ya kujilinda, na kikilipwa kwa fedha yake huenda kikapunguza. Omba proforma mbili, moja ya dola na moja ya yuani, uzilinganishe kwa shilingi siku ileile. Lakini shilingi inaelea dhidi ya yuani pia, na benki mara nyingi hupata bei hiyo kwa kupitia dola, kwa hiyo unaweza kukatwa mara mbili. Punguzo la kiwanda lisipozidi makato hayo, baki kwenye dola.

Nirudi kwenye fowadi, kwa sababu ndiyo inayotiwa saini bila kusomwa. Benki itataka proforma kuthibitisha kwamba deni ni la kweli, na itataka dhamana, mara nyingi sehemu ya fedha izuiwe kwenye akaunti. Kiasi cha chini hutofautiana kati ya benki na benki, kwa hiyo aliyekataliwa na moja asiache kuuliza nyingine. Tatizo kubwa ni tarehe. Kiwanda kikichelewa wiki tatu, fowadi haichelewi. Siku ya 70 utatakiwa kutoa shilingi 30,480,000 na kupokea dola, mzigo uwe tayari au la. Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza kama unaweza kupewa dirisha, kwa mfano kuchukua dola siku yoyote kati ya ya 65 na ya 90, na dirisha hilo linaongeza shilingi ngapi. Uliza kuisogeza mbele kunagharimu nini, na oda ikivunjika kabisa mnafungaje hesabu, maana dola ikiwa imeshuka ni wewe utakayelipa tofauti. Majibu ya maswali hayo yaandikwe kwenye barua au kwenye mkataba wenyewe. Neno la ofisa kwenye simu halitakusaidia akishahamishiwa tawi la Kahama.